Uniti Zikiisha Kuliko Matumizi: Mwongozo wa Kupinga Malipo ya Umeme na Kuomba Mita Ipimwe na Wakala wa Vipimo

Mteja anayeingia ofisi ya TANESCO na kusema kwamba mita yake "inakula umeme" huulizwa mara moja kama ameongeza friji, na mazungumzo huishia hapo. Mteja anayeingia na daftari la usomaji wa mita, picha za kioo chake na hesabu ya jaribio alilolifanya nyumbani hulazimu ofisi ijibu jambo mahususi. Mwongozo huu unahusu mteja wa LUKU Tanzania Bara, kwa sababu nyumba nyingi zinatumia mita za aina hiyo, na unamfikisha hadi hatua ya kuomba mita ipimwe na chombo ambacho si muuzaji wa umeme. Mteja anayelipa baada ya kutumia, yaani anayeletewa ankara mwisho wa mwezi, atafuata njia ileile, isipokuwa katika mambo machache nitakayoyataja mahali pake.

Kwanza tenganisha bei na mita

Malalamiko mengi ya kupanda kwa gharama hayatokani na mita. Yanatokana na kundi la bei alilowekwa mteja, na hili lazima liondolewe kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa ukipinga mita wakati tatizo ni bei utapoteza muda na ada, na baadaye hutasikilizwa kwa urahisi.

Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo yuko kundi la D1, ambamo uniti 75 za kwanza kwa mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo huuzwa shilingi 350. Mteja wa kawaida yuko kundi la T1, ambamo kila uniti ni shilingi 292 kwa bei iliyopangwa mwaka 2016. Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hivyo uniti ya T1 humfikia mnunuzi kwa takriban shilingi 356, na ile ya D1 kwa shilingi 122. Nyumba inayotumia uniti 70 kwa mwezi italipa shilingi 8,540 ikiwa D1, lakini ikihamishiwa T1 kwa sababu ilizidisha matumizi italipa karibu shilingi 24,900 kwa uniti zilezile 70. Gharama imekaribia kuwa mara tatu, na mita haijakosea hata kidogo.

Kwa hiyo chukua risiti zako za LUKU, za zamani na za sasa, au ujumbe wa simu ulioletewa tokeni, na ugawanye fedha zilizolipia umeme, bila makato mengine, kwa uniti ulizopata. Kama bei ya uniti moja imebadilika, tatizo lako ni la kundi la bei, na ombi lako kwa TANESCO liwe la kurudishwa kwenye kundi stahiki. Angalia pia makato yasiyo ya umeme: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na mita yenye deni la zamani hukatwa sehemu ya kila manunuzi. Mpangaji aliyehamia nyumba yenye deni la mtangulizi wake anaweza kuamini kwamba mita ina kasoro, ilhali risiti yenyewe inaonyesha mstari wa deni.

Ikiwa bei ya uniti ni ileile, na makato ni yaleyale, lakini uniti zinaisha upesi kuliko zamani, hapo ndipo panapoanza suala la mita.

Daftari la usomaji kabla ya jaribio

Manunuzi si matumizi. Mtu anaweza kununua uniti 200 mwezi huu na kubakiwa na 80, kisha mwezi unaofuata akanunua 100 tu, na historia ya manunuzi ikaonyesha mparaganyiko ambao haupo. Kinachohitajika ni namba ya jumla ya uniti zote ambazo mita imezihesabu tangu ifungwe, ambayo haipungui kamwe. Mita nyingi za LUKU huionyesha kwa kubonyeza msimbo mfupi kwenye vitufe vyake. Msimbo hutofautiana kwa mtengenezaji, nao huandikwa kwenye kijitabu cha mita au huulizwa TANESCO kwa kutaja namba ya mita yenye tarakimu 11.

Andika namba hiyo kila siku kwa saa ileile, kwa muda wa wiki mbili hivi, na kando yake uandike salio la uniti na jambo lolote lisilo la kawaida, kama vile siku ya kupiga pasi nguo za wiki nzima au siku ambayo umeme ulikatika. Piga picha ya kioo cha mita pamoja na namba yake. Daftari la aina hii lina thamani kubwa kuliko maneno yoyote utakayoandika kwenye barua, kwa sababu mtu wa upande wa pili anaweza kulihakiki kwa kuisoma mita yenyewe.

Jaribio la kuzima kila kitu

Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo, mara nyingi nyekundu, inayowaka na kuzima kadiri umeme unavyopita. Karibu nayo pameandikwa namba kama `1000 imp/kWh` au `1600 imp/kWh`, yaani idadi ya mimweko inayolingana na uniti moja. Namba hiyo ndiyo kipimo chako.

Zima meni swichi ya nyumba na uitazame taa kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Haipaswi kumweka. Kumbuka kwamba baadhi ya mita huiacha taa ikiwaka bila kuzima pale ambapo hakuna umeme unaotumika, na hiyo si hesabu. Kinachohesabiwa ni kuwaka na kuzima. Ikiwa inamweka ilhali meni swichi imezimwa, kuna mambo matatu ya kufikiria. La kwanza ni kwamba kuna waya uliounganishwa kati ya mita na meni swichi, pengine wa mpangaji mwingine au wa taa za nje. La pili ni kasoro ya mita. La tatu linahitaji maelezo, kwa kuwa mafundi wengi hulipita.

Mita nyingi za kisasa hupima mkondo wa umeme kwenye waya wa laivu na kwenye waya wa nyutro, kisha huhesabu ule ulio mkubwa zaidi. Zimetengenezwa hivyo ili kuzuia wizi. Sasa chukua nyumba ya kupanga yenye mita mbili, ambamo fundi aliunganisha nyutro za pande zote mbili kwenye kisanduku kimoja. Umeme wa jirani unapotoka kwenye jiko lake huweza kurudi kupitia nyutro ya mita yako, na mita yako ikauhesabu. Dalili yake ni kwamba kasi ya taa hubadilika pale jirani anapowasha au kuzima vyombo vyake, wakati kwako hapajabadilika kitu. Mita ya namna hii ikipelekwa maabara itaonekana ni nzima kabisa, kwa sababu ni nzima. Wenye kasoro ni mfumo wa nyaya, na dawa yake ni fundi umeme mwenye leseni atakayezitenganisha nyutro hizo.

Baada ya hapo washa meni swichi huku vyombo vyote vikiwa vimechomolewa, si kuzimwa tu. Taa ikianza kumweka, kuna kitu kinachotumia umeme au umeme unavuja ardhini. Zima vikata umeme vya kila sakiti kimoja baada ya kingine hadi mimweko ikome, na utakuwa umepata sakiti yenye tatizo. Pampu ya maji ya kisima na hita ya maji ya kuogea iliyozeeka ndizo zinazostahili kuchunguzwa mwanzo.

Jaribio la birika

Ikiwa jaribio la kwanza halikuonyesha kasoro yoyote, jiulize kama mita inahesabu sawasawa inapotumika. Tumia birika la umeme lililojaa maji baridi, kwa kuwa hutumia umeme kwa kiwango kisichobadilika hadi maji yachemke. Usitumie pasi wala friji, maana hujizima na kujiwasha vyenyewe. Chomoa kila kitu kingine, soma nguvu ya birika kwa wati iliyoandikwa chini yake, kisha lihesabie mimweko kwa dakika tatu. Idadi inayotarajiwa hupatikana hivi:

```
mimweko = wati x dakika x (imp/kWh) / 60000
```

Birika la wati 2,000, kwa dakika 3, kwenye mita ya `1000 imp/kWh`, linatarajiwa kutoa mimweko 100. Kama birika limeandikwa wati 1,850 hadi 2,200, tumia namba kubwa ili usijipendelee.

Jaribio hili lina mipaka yake. Nguvu iliyoandikwa kwenye birika ni ya kukadiria, na hubadilika sana kulingana na volti: volti zikishuka kwa asilimia 10, nguvu hushuka kwa takriban asilimia 19. Lakini ona upande ambao kosa hilo linaelekea. Mahali penye umeme hafifu, kama ilivyo mitaa mingi jioni, birika hutumia pungufu ya ilivyoandikwa na mimweko inapaswa kuwa michache. Ukipata mingi kuliko iliyotarajiwa wakati umeme ni hafifu, shaka yako ina nguvu zaidi. Tofauti ya mimweko 8 au 10 haithibitishi chochote. Tofauti ya 30 na kuendelea, inayojirudia kila mara, inastahili barua.

Tuseme basi kwamba ni nyumba ya T1 iliyokuwa ikitumia uniti 140 kwa mwezi, na kwa miezi minne sasa inatumia 207 bila chombo kipya. Mwenye nyumba anafanya jaribio la birika asubuhi na mchana, kwa siku tofauti, na kila mara anapata mimweko kati ya 146 na 150 badala ya 100. Mita inaonekana kuzidisha kwa karibu asilimia 48. Akigawanya 207 kwa 1.48 anapata 140, yaani matumizi yake ya zamani. Njia mbili zisizotegemeana zimefika mahali pamoja, na huo ndio ushahidi unaotakiwa uwe umeshikwa mkononi kabla ya kwenda ofisini.

Barua kwa TANESCO

Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. EWURA haitalipokea shauri ambalo halijawahi kufikishwa kwa mtoa huduma, kwa hiyo hatua hii si ya kurukwa hata kama huna imani nayo. Piga simu ukipenda ili upewe namba ya taarifa, lakini peleka pia barua kwenye ofisi ya wilaya inayokuhudumia, nakala mbili, moja ikipigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe na kurudishwa kwako.

Barua isiwe ndefu. Itaje jina la mteja aliyesajiliwa, namba ya mita, mahali ilipo, mwezi ambao matumizi yalianza kupanda, matokeo ya majaribio yako, na maombi yako. Sehemu ya maombi inaweza kuandikwa hivi:

"Naomba mita hii ikaguliwe hapa ilipo kwa kufungwa pamoja na mita ya kuhakiki, nikiwepo, na nipewe matokeo kwa maandishi. Iwapo mita itaondolewa, naomba isifunguliwe wala kurekebishwa, bali ihifadhiwe na kupelekwa Wakala wa Vipimo kwa uhakiki. Iwapo itabainika kuwa imezidisha, naomba kurudishiwa uniti zilizozidi kuanzia mwezi uliotajwa hapo juu."

Kama wewe ni mpangaji na mita imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, ambatanisha barua yake fupi ya kukuruhusu kufuatilia. Ofisi inaweza kukurudisha kwa sababu hiyo peke yake.

Mteja wa ankara aongeze jambo moja. Alipe sehemu asiyoipinga, yaani wastani wa miezi ya nyuma, na aandike kwamba kiasi kilichobaki kinabishaniwa na anaomba huduma isikatwe hadi uchunguzi ukamilike. Aanze pia kwa kulinganisha namba iliyo kwenye ankara na ile iliyo kwenye mita, kwa kuwa msomaji aliyekadiria au aliyechanganya mita ya jirani ni sababu ya kawaida kuliko mita mbovu.

Siku ya ukaguzi na kuondolewa kwa mita

Fundi wa TANESCO anaweza kufunga mita ya kuhakiki ili umeme uleule upite kwenye mita zote mbili kwa siku kadhaa. Hili ni jaribio zuri, kwa sababu linaondoa suala zima la tabia za nyumbani: kama mita yako imehesabu uniti 29.6 na ya kuhakiki imehesabu 20, hakuna friji wala pasi ya kulaumiwa. Andika usomaji wa mwanzo na wa mwisho wa mita zote mbili na mwombe fundi asaini karatasi hiyo.

Hatari kubwa katika mgogoro wa aina hii ni mita kubadilishwa kimyakimya. Fundi huja, anaifunga mpya, tatizo linakwisha, mteja anafurahi, na mita ya zamani inapelekwa ghala pamoja na nyingine mia. Miezi minne ya malipo yaliyozidi haitathibitishika tena. Kwa hiyo mita inapoondolewa, hakikisha karatasi ya ubadilishaji inaonyesha namba ya mita ya zamani, jumla ya uniti zilizosomeka, salio lililobaki, namba za lakiri na hali yake, na kwamba umesaini na kubaki na nakala. Piga picha za lakiri kabla hazijaguswa. Wewe mwenyewe usizishike wala kumruhusu fundi wa mtaani kuzishika: mita yenye lakiri iliyokatwa hugeuza malalamiko yako kuwa tuhuma ya wizi wa umeme dhidi yako.

Kuomba Wakala wa Vipimo

Wakala wa Vipimo, unaofahamika kwa kifupi cha WMA, ndio wenye jukumu la kuhakiki vipimo vinavyotumika katika biashara chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na mita ya umeme ni kipimo cha biashara kama ilivyo mizani ya sokoni. Una ofisi mikoani, na una kituo cha uhakiki Misugusugu, Kibaha, mkoani Pwani. Haumiliki mita wala hauuzi umeme, na hapo ndipo uhuru wake unapotoka.

Andika kwa meneja wa WMA wa mkoa wako, ukiambatanisha barua yako kwa TANESCO yenye muhuri, daftari lako na karatasi ya ubadilishaji. Uliza kwa maandishi ada ni kiasi gani, nani anailipa kwanza, na mita itasafirishwa na nani. Mita ni mali ya TANESCO na huwezi kuibeba mwenyewe. Omba isafirishwe ikiwa imefungwa kwa lakiri iliyoandikwa namba mbele ya pande zote. Katika madai yako kwa TANESCO ongeza kwamba ada hiyo urudishiwe iwapo mita itaonekana mbovu.

Omba pia cheti kionyeshe kosa la mita katika mizigo tofauti, mdogo, wa kati na mkubwa, badala ya neno "inafaa" au "haifai" peke yake. Mita yenye alama `Cl. 1` huruhusiwa kukosea hadi takriban asilimia 1 kwa mzigo wa kawaida ikiwa mpya, na mita inaweza kuwa sahihi kwenye birika na kukosea kwenye mizigo midogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walionyesha maabara kwamba baadhi ya mita za kielektroniki zilisoma hadi asilimia 582 zaidi zilipounganishwa na taa za kuokoa umeme na za LED zilizotumika na kidhibiti mwanga, ilhali mita hizo zilikuwa zimepita vipimo vya kawaida. Hali hiyo ilikuwa ya kupita kiasi na haiashirii kwamba kila mita ina kasoro hiyo, lakini inatosha kuwa sababu ya kuwaeleza wapimaji ni vyombo gani vilikuwa vikitumika nyumbani, hasa kama kuna inveta, chaja kubwa au vidhibiti mwanga.

Baada ya majibu

Cheti kikithibitisha kosa, fanya hesabu mwenyewe na uipeleke pamoja nacho. Katika mfano wetu, uniti 207 kwa mwezi zikigawanywa kwa 1.48 zinabaki 140, hivyo kila mwezi zilizidi uniti 67, na kwa miezi minne ni 268. Kwa shilingi 356.24 kila moja ni karibu shilingi 95,470. Dai uniti 268, kisha utaje thamani yake kwa fedha. Ubishi utakuwa juu ya tarehe ya kuanza, maana cheti kinaeleza hali ya mita siku ya kipimo tu. Hapo historia ya manunuzi, ambayo TANESCO wanayo kwenye mfumo wao, ndiyo inayoonyesha mwezi matumizi yalipopanda. Iombe ya miezi 24. Kama kupanda huko kunaambatana na radi au hitilafu ya volti kubwa mtaani, itaje tarehe yake.

Cheti kikionyesha kwamba mita ni sahihi, rudi kwenye nyaya: nyutro zilizochanganywa na uvujaji ardhini havionekani maabara.

TANESCO wakikataa, au wakinyamaza, peleka malalamiko EWURA, kwenye ofisi ya kanda iliyo karibu nawe, pamoja na nakala ya kila karatasi. EWURA hujaribu kwanza kuzisuluhisha pande mbili, na suluhu ikishindikana husikiliza shauri na kutoa uamuzi. Kama huna uzoefu wa kuandika malalamiko, nenda kwanza EWURA CCC, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kumsaidia na kumtetea mtumiaji, nalo lina wawakilishi mikoani. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA hukata rufaa Baraza la Ushindani. Siku uamuzi unaposomwa, uliza papo hapo muda wa rufaa na uombe nakala iliyothibitishwa, kwa sababu rufaa iliyochelewa inaweza kutupwa bila hoja zako kusikilizwa. Kwa aliyeko Zanzibar njia ni nyingine: mtoa huduma ni ZECO na mdhibiti ni ZURA, na barua zake zielekezwe huko.